Majumuisho ya mwisho, kesi ya bodaboda kusababisha kifo: ramani ya trafiki niipinge au niitegemee?

Koti Jeusi

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni. Nina majumuisho ya kuwasilisha kwa maandishi wiki ijayo mahakama ya wilaya na naomba jicho la pili. Mteja ni kijana wa bodaboda, ameshtakiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Kosa la pili ni kuendesha bila leseni halali. Hilo alilikiri siku ya kwanza, leseni ilikuwa imeisha muda. Majina na mahali siweki, na vitu vidogo nimevibadilisha ili asitambulike mtu.

Tukio ni hivi. Saa 1:20 usiku, barabara kuu ya lami inayokata mji mdogo. Daladala imesimama kushoto kituoni, lakini haikuingia yote pembeni, imebaki na mwili kiasi juu ya lami. Mteja wangu anatoka nyuma yake akiwa na abiria mmoja, anaipita upande wa kulia. Mama mmoja aliyeshuka anatokeza mbele ya daladala kuvuka. Akagongwa, akafariki hospitali usiku ule ule.

Jamhuri wameleta mashahidi wanne. SM1 ni askari wa usalama barabarani aliyechora ramani. SM2 ni mkaguzi wa magari, ambaye aliikagua pikipiki siku nne baadaye na kusema breki nzima, taa ya mbele haiwaki. SM3 ni mwenye duka la jirani, anasema pikipiki "ilikuwa mwendo kasi". SM4 ni daktari. Maelezo ya onyo ya mteja yalipokelewa pia, na humo kuna sentensi inayoninyima usingizi: "Sikumwona mpaka nilipomgonga."

Nilichopanga kukiweka mbele ni ramani. Ilipokelewa kama kielelezo P1 lakini haikusomwa mahakamani baada ya kupokelewa. Robinson Mwanjisi ya 2003 iko wazi, kielelezo ambacho hakikusomwa kinaondolewa kwenye kumbukumbu. Nikiiondoa ramani, naona Jamhuri wanabaki na nini? Naombeni maoni.

Kaka Hoja

Mkuu, pole, lakini kijana hana leseni na amekiri. Mtu asiye na leseni haruhusiwi kuwa barabarani, na asingekuwa barabarani yule mama angekuwa hai. Hapo kesi imekwisha. Bora mwende kwa familia, wazungumze, ndugu waandike barua ya kusamehe na kesi ifutwe.

Mzee wa Baraza

Kaka Hoja, barua ya ndugu haifuti kesi ya kifo. Kesi ni ya Jamhuri, na mwenye kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kupatana na familia ni jambo jema na litamsaidia kijana akitiwa hatiani, wakati wa kuomba apunguziwe adhabu. Na leseni ni kosa linalojitegemea, ambalo ameshalikiri. Karatasi iliyoisha muda mwezi uliopita haimwambii hakimu jinsi pikipiki ilivyoendeshwa usiku ule. Jamhuri wanatakiwa kuonyesha uendeshaji wenyewe ulikuwa wa hatari na kwamba uendeshaji huo ndio uliosababisha kifo. Ila umesema kitu ambacho hakimu naye atakihisi moyoni, kwa hiyo Koti Jeusi lazima akijibu, tena kwa aya fupi, mwishoni.

Sasa Koti Jeusi, mwanangu. Kabla sijasema neno juu ya ramani, tuambie imeandikwa nini. Vipimo vyote. Mawakili wengi tunakimbilia kuondoa kielelezo kabla ya kukisoma kwa makini, kwa sababu kimeletwa na upande wa pili.

Koti Jeusi

Asante mzee kwa moyo huo. Vipimo ni hivi. Upande wake wa barabara una upana wa mita 3.25. Daladala imeingia kwenye lami kwa mita 0.8 kutoka ukingo wa kushoto. Alama X, mahali pa kugongana, ni mita 2.1 kutoka ukingo huo huo. Alama ya tairi ya breki ina urefu wa mita 6. Inaanza mita 1 kabla ya X na kuishia pale pikipiki ilipoanguka. Kwenye maswali ya dodoso SM1 alikubali kwamba pikipiki ililala pale pale alama ilipoishia. Hakuna kipimo cha mwendo.

Mzee wa Baraza

Basi ondoa wazo la kuifuta hiyo ramani. Hiyo ramani ni shahidi wako.

Angalia. X iko mita 2.1 kwenye upande wenye mita 3.25. Kijana alikuwa upande wake, hakuvuka mstari wa kati, hakuhama njia. Ubavu wa daladala uko mita 0.8, X iko mita 2.1. Toa, inabaki mita 1.3. Marehemu alipotoka kwenye kivuli cha daladala hadi kugongwa alitembea mita 1.3, yaani hatua mbili za mtu mzima. Hayo yote umeyapata kwa kutoa hesabu ya darasa la tatu kutoka kwenye kielelezo cha Jamhuri wenyewe. Ukiiondoa P1 kwa Mwanjisi, unabaki na SM1 aliyesema kwa mdomo "aligongwa barabarani" na SM3 anayesema mwendo kasi. Umejivua nguo mwenyewe.

Mwanjisi ni ya kweli, nami nimeitumia mara nyingi. Lakini ni silaha ya kuondoa kinachokuumiza.

Wakili Pwani

Mzee nakuheshimu, ila naona hatari kidogo. Akitiwa hatiani na akakata rufaa, mahakama ya juu inaweza kuiondoa ramani yenyewe, ikaona haikusomwa. Hapo hoja ya mita 1.3 inaanguka wakati yeye aliijenga nyumba nzima juu yake. Mimi ningetafuta vipimo hivyo kwenye maneno ya SM1 mwenyewe, kwa sababu ushahidi wa mdomo wa aliyechora unabaki hata karatasi ikiondoka. Koti Jeusi, SM1 alitaja vipimo kwa mdomo?

Koti Jeusi

Alitaja baadhi. Ukurasa wa 9 wa mwenendo alisema alama ya breki ni mita 6 na kwamba X iko "upande wa mwendesha pikipiki". Kwenye dodoso, ukurasa wa 11, nilimuuliza daladala iliingia kiasi gani kwenye lami, akasema mita 0.8. Ile 2.1 iko kwenye karatasi tu.

Wakili Pwani

Basi taja kurasa hizo kwanza, kisha P1 ije kama nyongeza. "Upande wa mwendesha pikipiki" inakutosha kwa hoja ya njia. Ile 2.1 ndiyo itabaki juu ya karatasi peke yake.

Boda Stendi Kuu

Mawakili samahani naingilia. Mimi pia nilipata ajali mwaka jana, mtu aliumia mguu tu, pikipiki yangu ipo kituoni mpaka leo inaota kutu na bosi ananidai hesabu ya kila siku. Je hiyo sheria ya kusoma kielelezo inaweza kunitolea pikipiki?

Mzee wa Baraza

Pole kijana. Hilo ni jambo jingine. Kama ukaguzi umeshafanyika, mwenye pikipiki mwenye kadi ya usajili aandike barua kwa mkuu wa kituo kuomba ikabidhiwe kwa dhamana ya kuirudisha ikihitajika. Kama kesi iko mahakamani, aombe kwa hakimu. Tusaidie sisi na jambo moja kwa kuwa wewe ni mtu wa kazi hii: unapoipita daladala iliyosimama kituoni usiku, unafanya nini?

Boda Stendi Kuu

Unapiga honi. Kila mtu anapiga. Na unashusha gia, kwa sababu abiria akishuka anavuka mbele ya gari bila kuangalia, hasa akina mama wenye mizigo. Ukiipita kwa gia ya juu umekwisha. Ila hata ukipunguza, yule anayetokea mbele ya bampa humwoni. Daladala ni ukuta.

Filimbi

Nimekuwa trafiki kwa miaka mingi, sasa nimestaafu, na ajali za namna hii nimepima nyingi. Kijana wa stendi amesema jambo ambalo ndilo litakalomtia hatiani mteja wako usipokuwa makini. Dereva makini ANATARAJIA mtu pale. Hakimu atauliza: kama kila bodaboda anajua mtu hutokeza mbele ya daladala, kwa nini huyu hakwenda taratibu kiasi cha kuweza kusimama? Hatua mbili zako zinajibu swali la kumwona. Swali la kutarajia bado liko wazi.

Sasa kuhusu mita 6. Pikipiki hizi za cc 125 na 150, tairi la nyuma likifunga peke yake kwenye lami kavu, mita 6 zinakupa kama kilomita 25 kwa saa. Breki ya mbele ikisaidia inafika 30 au zaidi kidogo. Ongeza kiasi kilichopotea kwenye kugonga. Kwa macho yangu huyu kijana alikuwa kwenye 30 hadi 40, na kikomo mjini ni 50. Mtu wa mwendo kasi hasimami ndani ya mita 6. Anaacha mikwaruzo ya chuma kwenye lami, na pikipiki utaikuta mbali.

Lakini tahadhari: hiyo ni kwa lami kavu isiyo na mchanga. Hali ya lami imeandikwa kwenye ramani?

Koti Jeusi

Imeandikwa "kavu". Afande, hesabu hiyo naweza kuiweka kwenye majumuisho?

Mzee wa Baraza

Huwezi. Hapa ndipo vijana wengi wanapotelea. Majumuisho si ushahidi. Kama hakuna shahidi aliyepanda kizimbani kusema msuguano wa tairi na lami ni kiasi fulani, wewe ukiandika unatoa ushahidi ukiwa umevaa koti, na wakili wa Serikali atakuangukia kwa haki kabisa. Ulimuuliza SM1 kuhusu hilo kwenye dodoso?

Koti Jeusi

Nilimuuliza kama alikokotoa mwendo kutokana na alama ya breki. Akajibu "hapana, sikukokotoa". Nikamuuliza kama utaalamu huo anao, akasema amefundishwa.

Mzee wa Baraza

Umeokota lulu na hujaiona! Askari aliyefundishwa kukokotoa, mwenye alama ya mita 6 mbele yake, hakukokotoa. Huna haja ya kusema ni kilomita ngapi. Unasema: chombo cha kuujua mwendo kilikuwepo, mwenye ujuzi alikuwepo, Jamhuri hawakukitumia, na sasa wanamwomba hakimu akisie. Kisha unamwachia hakimu busara ya kawaida: pikipiki yenye watu wawili iliyosimama ndani ya mita 6 hailingani na maneno "mwendo kasi".

Kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde ni hesabu tupu, hiyo waweza. Kusema mtu wa kawaida anachukua sekunde ngapi kabla ya kukanyaga breki, hiyo ni taaluma, iache.

Filimbi

Kwa sekunde ya kutambua mimi sikubaliani moja kwa moja. Hakimu ni mtu anayeendesha gari, anajua kuna muda kati ya jicho na mguu. Lakini sawa, mambo ya korti nawaachia.

Kaka Hoja

Nauliza tu, na SM3? Shahidi wa macho kasema mwendo kasi. Mnampita hivi hivi?

Koti Jeusi

SM3 alikuwa dukani, mita kama 20. Ukurasa wa 14 anasema: "Nilikuwa nampimia mteja sukari. Nikasikia honi mara mbili kisha kishindo. Nikatoka, nikaona pikipiki imelala." Kwenye dodoso nikamuuliza aliiona pikipiki ikiwa inakwenda, akasema hapana, alijua mwendo kasi "kwa kishindo kilivyokuwa kikubwa".

Wakili Pwani

Subiri. Honi mara mbili? Hiyo ni ya shahidi wa Jamhuri?

Koti Jeusi

Ndiyo, ushahidi wake wa msingi kabisa, hata si dodoso.

Mzee wa Baraza

Hapo ndipo penye roho ya kesi yako, mwanangu, na ndipo unapomjibu Filimbi. Swali lilikuwa: dereva makini anatarajia mtu, huyu alifanya nini? Jibu limetolewa na shahidi wa Jamhuri aliyekuwa anapima sukari. Alipiga honi mara mbili KABLA ya kishindo. Nini alisema mteja wako alipojitetea?

Koti Jeusi

Alisema: "Nilipoona daladala imesimama nilishusha gia namba tatu, nikapiga honi, nikapita. Mama akatokea mbele ya bampa." Wakili wa Serikali akamkazia: kama ulipiga honi ulikuwa umemwona, mbona kwenye maelezo ya onyo unasema hukumwona? Akajibu: "Niliipigia daladala honi, si mama." Na hapo wakili wa Serikali akaketi.

Mzee wa Baraza

Ile sentensi inayokunyima usingizi ndiyo itakayokulaza. "Sikumwona mpaka nilipomgonga" Jamhuri wanaisoma kuwa ni mtu asiyeangalia mbele. Isome pamoja na mita 1.3 na honi. Mtu aliyepiga honi kwa ajili ya daladala alikuwa anaangalia mbele, na alichukua tahadhari dhidi ya mtu ambaye bado hajamwona. Hakumwona kwa sababu palikuwa na ukuta. Maelezo ya onyo, ushahidi wake, SM3 na ramani vinasema kitu kimoja. Ukiviweka kwenye ukurasa mmoja, hakimu atakuwa na kazi ngumu kuvitenganisha.

Sheria yake iko kwenye Gosney, uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Uingereza wa 1971. Haifungi mahakama zetu lakini inashawishi. Mwanamke aliingia barabara ya njia mbili akaendesha upande usiofaa, magari yakimjia uso kwa uso. Ukiitazama kutoka nje hakuna hatari kubwa kuliko hiyo. Alitaka kuonyesha kwamba umbo la makutano na alama zake ndivyo vilimpotosha, jaji akakataa ushahidi huo, na hukumu ikafutwa kwenye rufaa. Mahakama ikasema haitoshi kuwepo hali ya hatari, lazima dereva awe na kosa lililosababisha hali hiyo, yaani ameshuka chini ya uangalifu wa dereva mahiri na mzoefu. Kosa hilo laweza kuwa dogo, sikufichi, na Jamhuri watakukumbusha. Lakini lazima liwepo, na lazima walitaje. Soma hati ya mashtaka: wametaja alifanya nini?

Koti Jeusi

Wameandika aliendesha "kwa mwendo kasi na bila taa".

Mzee wa Baraza

Safi. Wamejifunga kwa mambo mawili. Mwendo umeshakufa. Tuambie taa.

Koti Jeusi

SM2 alikagua siku nne baadaye. Kioo cha taa kimevunjika, balbu haiwaki. Nilimuuliza taa iliharibika kabla ya ajali au kwa ajali, akajibu "siwezi kusema". Mteja anasema ilikuwa inawaka. SM3 hakuzungumzia taa.

Filimbi

Siku zile sisi tulikuwa tunaitoa balbu na kuiangalia uzi wake. Kama taa ilikuwa inawaka wakati wa kishindo, uzi wa moto hulegea na kujikunja. Kama ilikuwa imezimwa, uzi baridi hukatika tu. Hiyo ni kwa balbu za uzi, taa hizi mpya za LED hazikupi kitu. Mkaguzi wako alipaswa angalau kuitunza balbu. Pikipiki iliyogonga mtu kwa mbele na kuanguka, kuikuta taa yake imevunjika ni jambo la kutegemewa kabisa.

Mama Tumaini

Nimesoma kimya mpaka hapa. Nilimpoteza dada yangu barabarani, aligongwa akivuka, na nilikaa mahakamani nikamsikia wakili akisema marehemu alikuwa mzembe, alikuwa anaongea na simu. Mama yetu alikuwa amekaa pale benchi la nyuma. Sisemi kijana afungwe kama hana kosa. Nasema mnapoandika hizo hatua mbili zenu, mkumbuke kuna watoto wa yule mama watakaosikia zikisomwa.

Koti Jeusi

Mama Tumaini, pole sana. Nimelipokea, na nitalizingatia.

Mzee wa Baraza

Dada, pole, na umesema kweli ambayo ni ya kisheria pia. Uzembe wa marehemu si kinga katika kesi ya jinai. Kama uendeshaji wa mshtakiwa ulikuwa wa hatari na ulichangia kifo kwa kiasi kikubwa, hata marehemu angekosea vipi, hatia inabaki. Kwa hiyo kumlaumu marehemu kunaumiza watu na hakumsaidii mteja. Koti Jeusi, usiandike "marehemu alijitokeza kwa uzembe". Andika mahali daladala iliposimama. Mama alifanya wanachofanya abiria wote, alishuka na kuvuka.

Na kwa familia: bima ya pikipiki ya mtu wa tatu wanaweza kuifuatilia kwa madai, kama ilikuwepo. Njia hiyo ni tofauti na kesi hii.

Kaka Hoja

Na yule abiria aliyekuwa nyuma ya boda? Yeye ndiye aliyeona kila kitu. Wakili mbona hukumwita?

Koti Jeusi

SM1 alikubali kwamba alichukua maelezo ya abiria, lakini Jamhuri hawakumleta wala hawakusema kwa nini. Mimi nilimtafuta, namba yake haipatikani. Nimeweka Aziz Abdallah ya 1991, kwamba shahidi muhimu asipoitwa bila sababu mahakama inaweza kuamini angesema kinyume na Jamhuri.

Mzee wa Baraza

Sawa, lakini usiikuze. Swali la Kaka Hoja ndilo hakimu atajiuliza kimoyomoyo, hata kama kisheria mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha lolote. Aya moja. Nguvu ya hoja hiyo ni kwamba maelezo yake yalikuwa mikononi mwa polisi.

Wakili Pwani

Mimi nina ombi moja ambalo mzee hatalipenda. Mwishoni weka ombi mbadala: kama mahakama itaona kuna upungufu wa uangalifu, basi ni kosa dogo la kuendesha bila uangalifu. Kijana ana mke na mtoto. Faini ni afadhali kuliko jela.

Mzee wa Baraza

Silipendi kweli. Kurasa kumi unasema hakukosea, ya kumi na moja unasema akikosea basi kidogo. Hakimu anayetafuta pa kupumzikia utakuwa umemtandikia. Mahakama ina uwezo wa kushuka kwenye kosa dogo bila wewe kuomba.

Wakili Pwani

Na nimeona mahakimu waliotia hatiani kwa kosa kubwa kwa sababu hakuna aliyewaonyesha njia ya kati. Tutofautiane hapo mzee.

Koti Jeusi

Nimekaa usiku kuandika upya. Mwendo wote wa kesi ulikuwa kwa Kiswahili, kama sheria inavyotaka tangu mabadiliko ya 2021, kwa hiyo naandika kwa maneno ya mashahidi wenyewe. Naweka sehemu ya katikati mniambie:

"Mheshimiwa Hakimu, utetezi haubishi kwamba mshtakiwa ndiye aliyekuwa akiendesha, kwamba ilikuwa barabara ya umma, wala kwamba mama huyu alifariki kwa majeraha ya ajali hiyo. Familia imepata msiba na hakuna hoja humu inayoupunguza. Kinachobishaniwa ni kimoja: je, Jamhuri wamethibitisha bila kuacha shaka kwamba aliendesha kwa hatari kwa namna mbili walizozitaja, mwendo kasi na kukosa taa?

Juu ya mwendo, shahidi pekee ni SM3. Ukurasa wa 14 anaeleza kwamba hakuiona pikipiki ikienda, aliupima mwendo kwa ukubwa wa kishindo. SM1, aliyefundishwa kukokotoa mwendo kutokana na alama ya breki, alikuwa na alama ya mita 6 juu ya lami kavu na hakukokotoa. Pikipiki yenye watu wawili ilisimama na kulala mwisho wa mita hizo 6.

SM3 huyo huyo alisikia honi mara mbili, kisha kishindo. Mshtakiwa ameeleza honi hiyo ilikuwa ya nini: daladala ilikuwa imesimama, sehemu yake ikiwa juu ya lami kwa mita 0.8, kwa maneno ya SM1 ukurasa wa 11. Aliitahadharishia hatari ambayo hakuweza kuiona. Kielelezo P1 kinaonyesha mahali pa kugongana ni mita 2.1 kutoka ukingo, ndani ya upande wake. Kutoka ubavu wa daladala hadi hapo ni mita 1.3. Alipoandika katika maelezo yake ya onyo kwamba hakumwona mpaka alipomgonga, alikuwa anaeleza mita hizo 1.3."

Baada ya hapo inafuata taa, na jibu la SM2 "siwezi kusema", halafu abiria. Leseni mwishoni kwa sentensi mbili.

Mzee wa Baraza

Hiyo ndiyo. Rekebisha mambo mawili. "Hakuna hoja humu inayoupunguza" iache, ni nzuri. "Hakuweza kuiona" ongeza ukurasa wa ushahidi wa mteja wako, na kila neno la utetezi lipe ukurasa, kisha umkumbushe hakimu Hussein Idd ya 1986 kwamba utetezi lazima upimwe. Na namba za vifungu zikague zote upya. Toleo la marejeo la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025 limebadilisha namba nyingi, usije ukanukuu kifungu cha zamani.

Filimbi

Nina swali moja halijanitoka. Daladala ilikuwa imewasha taa za mbele? Kama ziliwaka, mama aliyepita mbele yake aliangaziwa, na kivuli chake kingeanguka barabarani mbele. Bodaboda aliye nyuma angeweza kukiona kivuli hata kabla ya mtu. Wakili wa Serikali mwerevu ataliandika hilo.

Koti Jeusi

Nimepitia mwenendo mzima sasa hivi. Hakuna aliyeulizwa kuhusu taa za daladala, si SM1, si SM3, si mteja.

Wakili Pwani

Basi wakili wa Serikali naye hana pa kulishika. Akiliandika, atakuwa anatoa ushahidi akiwa amevaa koti, kama mzee alivyosema.

Mzee wa Baraza

Na dereva wa daladala yuko wapi? Alikuwa amekaa nyuma ya kioo, akitazama mbele, mama akipita mita mbili kutoka puani mwake. Hakuitwa. Aya yako ya Aziz Abdallah uliiweka kwa ajili ya abiria. Mtangulize dereva huyo.

Koti Jeusi

SM1 alisema daladala iliondoka kabla hajafika na hawakuitafuta. Ukurasa wa 12. Naliingiza sasa hivi. Ombi mbadala la Wakili Pwani bado sijaamua, nitaongea na mteja kesho asubuhi kwanza, kifungo ni chake yeye.